Hongera na Bonane katika ujumbe mmoja, bila kuonekana unaomba

Mwezi wa Desemba hapa Lubumbashi habari za namna mbili hufika pamoja. Mtoto wa jirani ametetea memwari yake kule Kasapa, dada wa ukoo amesaini kontra ya kazi Kolwezi, na Noeli na Bonane nazo zimekaribia. Unachukua simu uandike mara moja tu: umpongeze, umtakie sikukuu njema, umalize. Watu wengi hufanya hivyo kwa moyo safi kabisa, kisha wanashangaa jibu likija baridi, au lisipokuja.

Sababu inajulikana na kila aliyepata kazi mwisho wa mwaka. Kwetu, siku za Bonane kila mtu anadai Bonane yake: watoto wa njia nzima, sentineli, wadogo, hata wakubwa. Anayepata kazi mpya naye huonekana kama mtu ambaye sasa ana kitu. Ukiweka hayo mawili katika mistari minne bila kuangalia, mwenye kazi anasoma jambo la tatu ambalo hukuliandika: nipe. Na anayesoma hivyo mara nyingi hana hata franka. Aliyeanza kazi katikati ya Desemba hupata mshahara wa kwanza kamili mwisho wa Januari, na kabla ya hapo ameshalipa usafiri, fotokopi za hati zake na labda nyumba ya kupanga. Aliyemaliza chuo ndiye amekauka zaidi, maana ametoka kulipa gharama za mwisho, kupangisha toge ya kolasyo na kulisha wageni. Kwa hiyo Bonane inamkuta mtu huyu mikono mitupu, wakati jina lake liko juu.

Mwongozo huu unahusu namna ya kupanga ujumbe ili pongezi zibaki pongezi. Nitaufuata kwa mfano mmoja mpaka mwisho: wewe unakaa Katuba, na binti mkubwa wa mama mdogo wako, ambaye unamwita yaya, amepata kazi ya uhasibu kule Kolwezi.

Hatua ya kwanza: ujue hasa unapongeza nini

Usiandike kwa kusikia tu. Mambo ya chuo yana ngazi, na kila ngazi ina furaha yake. Kutetea memwari mbele ya juri ni jambo moja. Kutangazwa kwamba amepita mwaka ni jambo la pili. Kolasyo, siku ya kuvaa toge na kupewa daraja mbele ya wazazi, ni jambo la tatu, na inaweza kuja miezi baadaye. Ukimwandikia "hongera kwa diploma" mtu aliyetetea lakini bado ana kozi moja ya kurudia, umemgusa mahali panapouma, na katika sikukuu atalazimika kukueleza jambo ambalo alikuwa anajaribu kulisahau kidogo.

Kwenye kazi uangalifu uongezeke. Kuna mtu yuko kwenye staji isiyolipwa, na familia imeshatangaza kwamba anafanya kazi. Kuna mwingine amesaini, lakini yuko katika kipindi cha majaribio. Sheria ya kazi ya Kongo inaruhusu majaribio hayo yafike hadi miezi 6 kwa mfanyakazi mwenye utaalamu, na ndani ya muda huo kumwachisha mtu ni rahisi. Mtu wa namna hiyo, ukimwandikia "sasa maisha yamekaa sawa", unampa hofu. Mwandikie kile kilichotokea kweli: amechaguliwa, ameanza. Hayo yanatosha na hayawezi kugeuka uongo mwezi wa tatu.

Namna ya kujua ni kuuliza mtu wa karibu kabla ya kuandika. Katika mfano wetu unampigia mama mdogo. Unamsalimu, unamuuliza: "Mama, yaya alisaini kontra ao iko ku staji?" Yeye ndiye atakayekwambia kwamba alisaini wiki iliyopita, kwamba anaanza tarehe fulani, na kwamba usiku wa Noeli huenda yuko kwenye zamu kwa sababu migodi haifungi siku ya sikukuu. Habari hiyo ya mwisho ni dhahabu, tutaitumia.

Hatua ya pili: ujue nyumba ile inasherehekea nini

Hapa watu huteleza kwa sababu wanadhani kila mtu wa Lubumbashi ana Noeli tarehe 25 Desemba. Mashahidi wa Yehova ni wengi Katanga, na wao hawasherehekei Noeli wala Bonane. Kwao andika pongezi peke yake, kisha utakie nyumba afya na mapumziko mema ya mwisho wa mwaka. Wakimbangu wana Noeli, lakini wanaifanya tarehe 25 Mei, hivyo ukimwandikia Mkimbangu katika Desemba mtakie Bonane, na Noeli yake iwekee alama kwenye kalenda. Waislamu sikukuu zao kubwa ni Idi mbili, ambazo kila mwaka hufika mapema kwa karibu siku 11 katika kalenda yetu. Muislamu aliyepata diploma mwezi wa 12 atafurahia heri ya mwaka mpya bila shida, na neno la Idi litasubiri siku yake.

Kuna jambo moja linalozidi dini yote: kilio. Nyumba ikiwa na msiba wa karibu, usitakie "sikukuu njema" hata kama mtoto wao amepata distinksyo. Pongeza kwa sauti ya chini, mtaje marehemu kama mlimjua, na mahali pa sikukuu weka faraja. Mfano: "Yaya, hongera kwa kutetea. Najua Papa angefurahi kukuona na toge. Mungu abaki na nyumba yenu mu hii mwisho wa mwaka." Hapo hakuna Noeli wala Bonane, na hakuna atakayeona umesahau.

Hatua ya tatu: mpangilio

Pongezi ni za mtu mmoja. Sikukuu ni ya nyumba nzima. Tofauti hiyo ndiyo inayopanga ujumbe wote, na ukiishika huwezi kupotea.

Anza na salamu na namna ya kumwita, kama yaya, kaka, Mama, Papa au Tantine. Mdogo haanzi na "hongera" tupu kwa mkubwa wake, ni kama kuingia nyumbani bila kubisha hodi. Kisha jambo lenyewe lililotokea, kwa jina lake. Baada yake weka kitu kimoja ambacho wewe uliona kwa macho: namna alivyoamka usiku kusoma, miaka aliyouza maandazi ili alipe minervali, siku alipokufundisha hesabu. Sentensi hiyo moja ndiyo inayoonyesha kwamba ujumbe ni wake, maana haiwezi kutumwa kwa mtu mwingine yeyote.

Halafu unahitaji daraja, sentensi ya kutoka kwenye mafanikio yake kwenda kwenye sikukuu. Bila daraja, "Noeli njema" inaonekana imebandikwa. Daraja zuri huwa ni wakati: mwaka unaisha na jambo hili limekamilika ndani yake, au hii ndiyo Noeli ya kwanza wazazi watamkaribisha akiwa mhasibu. Daraja baya ni pesa: "sasa Bonane ya mwaka huu itakuwa tamu." Hata ukicheka mwenyewe wakati wa kuandika, yeye hatakusikia ukicheka.

Mwishoni heri ya sikukuu, nayo uielekeze kwa nyumba: Baba, Mama, wadogo, mume au mke, watoto. Kwa kufanya hivyo unaondoa mzigo mabegani kwake. Heri iliyotumwa kwa mtu mmoja aliyeajiriwa jana ina harufu ya mkono ulionyooshwa, lakini heri iliyotumwa kwa nyumba nzima ni salamu. Malizia na jina lako na mahali ulipo, kwa sababu watu wetu wana laini mbili au tatu na namba hubadilika. Usimalize na swali. Swali lolote mwishoni, hata "tutaonana lini?", katika siku za Bonane linasomeka kama dai.

Mfano wenyewe

Hivi ndivyo wengi wangeandika kwa yaya wa Kolwezi:

"Hongera sana yaya kwa kazi mpya. Mungu amekukumbuka, sasa umekuwa bosi. Nakutakia Noeli njema na Bonane yenye mafanikio mengi. Usitusahau sisi wadogo zako."

Hakuna tusi hata moja hapo, lakini angalia kila kipande. "Kazi mpya" haisemi kazi gani, hivyo haina dalili kwamba uliuliza. "Mungu amekukumbuka" inadokeza kwamba kabla ya hapo alisahauliwa, na yeye aliyesoma miaka yote hiyo hajioni hivyo. "Umekuwa bosi" inapima mfuko wake. "Mafanikio mengi" baada ya mafanikio aliyopata juzi inamwambia bado haijatosha. Kisha "usitusahau". Neno hilo peke yake linatosha kugeuza ujumbe wote kuwa barua ya kuomba, na mimi ningelifuta kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa tuandike upya, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, maana ndicho mnachoongea naye nyumbani:

"Yaya, jambo yako. Mama aliniambia kama ulisaini kontra ya uhasibu kule Kolwezi. Nilifurahi sana. Minakumbuka vile ulikuwa unaamuka saa kumi ya usiku juu ya kusoma, mbele ya kuenda ku Kasapa. Hii mwaka inaisha na ile kazi yote imezaa. Mama asema pengine usiku ya Noeli utakuwa ku zamu: Mungu akulinde kule, na siye tutakuombea huku ku kanisa. Noeli na Bonane ya muzuri kwako na kwa Baba, Mama na batoto bote ba nyumba. Ni miye, mudogo yako wa Katuba."

Ona ile habari ya zamu ilivyofanya kazi. Ndiyo daraja lenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa inaunganisha kazi na sikukuu kwa jambo la kweli: kazi hiyo hiyo ndiyo itakayomzuia kula Noeli nyumbani. Badala ya kumtarajia alete kitu, unamwambia kwamba mnajua anachokosa. Mtu aliye mbali na nyumba kilomita 300 hivi husoma sentensi hiyo mara mbili.

Kama unamwandikia profesa wako au mkuu wa kazi aliyepanda cheo, punguza kumbukumbu za nyumbani, mwite kwa cheo chake, na heri iwe fupi: "kwako na kwa familia yako". Mpangilio haubadiliki.

Hatua ya nne: wazazi nao

Diploma hapa kwetu si ya mtoto peke yake. Aliyelipa minervali anastahili neno lake, na mara nyingi hana Watsapu, ana simu ndogo ya vibonyezo. Kwake tuma SMS, na hapo kuna jambo la kujua. SMS moja inabeba herufi 160, pamoja na nafasi. Ukiingiza hata kipicha kimoja cha furaha, au herufi fulani za Kifaransa, simu inabadilisha mfumo wa kuandika na nafasi inashuka hadi herufi 70, hivyo ujumbe wako unakatwa vipande na unalipia kila kipande. Herufi ë ya "Noël" na ê ya "Fête" zimo kati ya hizo. Andika "Noeli" kwa Kiswahili na tatizo halipo. Hii hapa ina herufi 140 hivi:

"Baba na Mama, jambo. Asanteni kwa kulea yaya mpaka akapata diploma. Noeli na Bonane ya heri kwa nyumba yote. Ni miye, mtoto wenu wa Katuba."

Kwa wazazi hatusemi sana hongera, tunawashukuru. Wao walipanda.

Hatua ya tano: siku ya kutuma

Habari ya mafanikio haisubiri sikukuu. Ikiwa kazi au diploma imepatikana katika wiki mbili hivi kabla ya Noeli, unganisha. Ikiwa alitetea mwezi wa tisa na wewe ulinyamaza, usifiche kuchelewa kwako ndani ya Bonane kana kwamba habari ni ya jana. Sema wazi kwa sentensi moja: "Nilichelewa kukuandikia tangu mwezi wa tisa, unisamehe." Kisha endelea.

Usitume usiku wa 31 Desemba karibu na saa sita. Mtandao hujaa, na ujumbe wako utazama katikati ya picha na video ambazo watu wanasambaziana. Asubuhi ya tarehe 24 au mchana wa 30 ni wakati mzuri. Ukipitwa, usiwe na wasiwasi, kwani Januari yote kwetu watu bado wanatakiana Bonane. Lakini angalia kalenda yetu. Tarehe 4 Januari tunawakumbuka mashahidi wa uhuru wa mwaka 1959. Tarehe 16 ni ya Laurent-Désiré Kabila, na 17 ni ya Patrice Lumumba, ambaye aliuawa hapa hapa karibu na mji wetu mwaka 1961. Siku hizo ni za mapumziko, lakini si za shangwe, na kwa maoni yangu ujumbe wa heri ungoje zipite.

Kuhusu grupu la Watsapu la ukoo, ushauri wangu ni mmoja. Pongezi zako ndefu zitume kwa mhusika peke yake kwanza. Katika grupu kuna binamu ambaye hakupita, kuna mwingine anayetafuta kazi tangu miaka mitatu, na kila pongezi inayoanguka pale inawapiga. Grupuni weka mstari mmoja wa hongera, na heri ya sikukuu uielekeze kwa wote.

Sikukuu nyingine inayostahili kutajwa ni tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, kwa sababu kuna miaka ambapo matokeo ya Egzeta hutoka karibu nayo. Asubuhi watu wanaenda makaburini kusafisha na kuweka maua, mchana wanakaa na wazazi walio hai. Ikiwa mtoto amepata diploma ya Serikali siku hizo, geuza mpangilio: anza na mzazi, kisha mtoto. "Mama, siku njema ya wazazi. Poda ya kichwani kwa mtoto ni kazi ya mikono yako. Umupatie hongera yangu." Na kama mzazi mmoja amelala makaburini, tuma baada ya mchana.

Hatua ya sita: soma jibu

Jibu ndilo litakalokuonyesha kama ujumbe ulieleweka. Yaya akijibu habari za zamu, za chumba chake, za jinsi Kolwezi ilivyo na vumbi, umefaulu. Akijibu "asante, mshahara bado haujatoka", au "nitumie namba yako ya Empesa", ujue alisoma ombi. Hapo usinyamaze, wala usipokee pesa kwa haraka. Mwandikie siku hiyo hiyo: "Hapana yaya, sikuandika juu ya feza. Ilikuwa tu kukupa hongera." Maneno hayo machache yanasafisha yote.

Na ikiwa kweli una shida na ulitaka kumwomba msaada, hilo nalo si dhambi kati ya ndugu. Lakini liwe na ujumbe wake, baada ya katikati ya Februari, mtu akiwa ameshaona mshahara wake wa kwanza na kulipa madeni ya kuanzia kazi. Uliza kwa simu, kwa sauti yako, na uache jina la Bonane pembeni.